Mtoto anashtuka ukimlaza: namna ya kumtuliza bila kumkaza kwenye kikwembe

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na siku 19 nilipopanda Kadutu kulala kwao. Siku ile mdogo wangu alikuwa amenipigia simu mara tatu. «Yaya, huyu mtoto ananyonya vizuri, mikononi analala vizuri. Nikimweka tu kitandani, anarusha mikono kama mtu anayeanguka, anaamka, analia. Tunaanza upya mpaka kunakucha.»

Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kutafuta njia. Nilimkuta mtoto ndani ya blanketi nene, mikono imenyooshwa ubavuni, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, blanketi limezungushwa mara mbili na ncha yake imepenyezwa chini kwa nguvu. Kweli hakuwa anashtuka. Lakini nilipojaribu kupitisha vidole kati ya blanketi na kifua chake, havikupita. Kisogo chake kilikuwa na jasho, na sisi wakubwa katika nyumba ileile tulikuwa tumevaa sweta.

Mimi ni mkunga hapa Bukavu, na swali hili akina mama huniletea karibu kila juma. Nitaeleza tulivyofanya usiku ule na siku zilizofuata, hatua kwa hatua. Nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo watu hulipita haraka, nalo ni zile sekunde chache za kumshusha mtoto kutoka mikononi hadi kitandani. Mara nyingi mshtuko unaomwamsha huzaliwa pale pale.

Kwanza, jua unachokiona

Mtoto mchanga akihisi kichwa chake kinashuka ghafla, au akisikia kishindo, mikono hufunguka pande zote mbili na vidole hutanuka. Halafu mikono hurudi kifuani kama anayetaka kukumbatia, na mara nyingi kilio hufuata. Yote hayo hupita ndani ya sekunde chache. Madaktari huiita refleksi ya Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeieleza mwaka 1918. Yeye alipiga mto pande zote mbili za mtoto aliyelala, akaona mikono inafunguka kisha inakumbatia. Alifikiri ni mwendo wa mtoto anayejishikilia kwa mama yake.

Mtoto hafanyi hivyo kwa kupenda, wala hajaona kitu chumbani. Mama mkwe wa mdogo wangu aliniuliza hilo kwa sauti ya chini, na nilimjibu kwa heshima: «Mama, hata mtoto anayelala mchana juu ya mapaja yako, ukiachia kichwa chake kidogo tu, atarusha mikono vilevile. Ni mishipa yake ya fahamu inayofanya kazi.» Sisi katika matenite huitafuta refleksi hii makusudi tunapompima mtoto aliyezaliwa, na inapokosekana ndipo tunapopata wasiwasi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa nayo kamili. Huwa na nguvu katika majuma ya kwanza, kisha hupungua kidogo kidogo, na kwa watoto wengi huwa imekwisha kati ya mwezi wa 3 na wa 6.

Sasa mwangalie mtoto wako akishtuka mchana, ukiwa na mwanga wa kutosha na amevaa nguo nyepesi. Tazama jambo moja: je, mikono yote miwili inafunguka sawa? Kama mmoja unaruka na mwingine umelala tu ubavuni, huenda mtulinga ulivunjika wakati wa kuzaliwa, au mishipa ya bega ilivutika. Hutokea kwa watoto wakubwa waliotoka kwa shida, na pengine hakuna aliyegundua kwa sababu tangu siku ya kwanza mtoto alikuwa amefungwa. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Mtoto wetu mikono yake ilikuwa sawa.

Halafu, ngoja mkono ulegee

Kosa la mdogo wangu lilikuwa haraka. Mtoto akifumba macho tu, alimlaza. Mtu mzima akisinzia huanza na usingizi mtulivu, lakini mtoto mchanga huanza na usingizi wa juujuu, ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope, midomo inanyonya hewa, pumzi inakwenda bila mpangilio na vidole vinatikisika. Katika usingizi huo mshtuko mdogo tu unatosha kumwamsha. Inachukua kama dakika 15 hadi 20 kabla hajaingia ndani zaidi.

Hauhitaji saa. Inua mkono wake kwa kidole chako, kama sentimita 5, kisha uachie. Mkono ukikataa kushuka, au ngumi ikikaza, bado. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa, na pumzi imekuwa ya mwendo mmoja, na uso hauchezi, ndio wakati. Usiku ule tulingoja. Mdogo wangu alitaka kumlaza mara mbili, na mara zote mbili nikamwonyesha ngumi ya mtoto ilivyokuwa imefungwa. Mara ya tatu vidole vilikuwa vimefunguka vyenyewe.

Katika kungoja huko fanya yale ya kawaida, na uyafanye kabla hajazama usingizini. Mcheulishe baada ya kunyonya, kwa sababu hewa iliyobaki tumboni itamkunja nusu saa baadaye. Badilisha nepi. Shika kisogo chake: kikiwa na joto kavu, amevaa vya kutosha, kikiwa na jasho, punguza nguo moja. Mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, basi usipime joto kwa viganja vyake.

Kumshusha: hapa ndipo penyewe

Mtoto akiwa mikononi mwako amekunjwa, kichwa chake kimebebwa, kifua chake kimegusana na chako. Ukinyoosha mikono mbele na kumshusha kama unavyoweka sinia mezani, kwa ghafla anapoteza vyote vitatu: mkunjo, mguso na joto. Zaidi ya hayo kichwa kinatangulia kushuka. Ndani ya sikio, chombo kinachohisi mwendo kinapeleka habari ya kuanguka, na mikono inaruka. Kwa hiyo kazi yote ni kumfanya asihisi kuanguka.

Tulifanya hivi. Kabla ya yote, mdogo wangu aliweka kiganja chake juu ya godoro pale mtoto atakapolala, akakiacha kidogo ili shuka lisiwe baridi. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei, usiku shuka huwa la baridi kweli, na mgongo wa mtoto ukiligusa unashtuka. Watu wengine huweka chupa ya maji ya moto. Ukiitumia, iondoe kabla ya kumlaza, na upime shuka kwa upande wa ndani wa mkono wako. Kamwe isibaki kitandani naye.

Kisha hakumpeleka mtoto kitandani kwa kunyoosha mikono. Aliinama yeye mwenyewe, mtoto akiwa amebanana na kifua chake, mpaka kifua cha mama kikakaribia godoro. Kitanda chao ni cha chini, basi alipiga goti moja. Miguu ya mtoto ikagusa kwanza, ikiwa imekunjwa. Halafu makalio. Halafu mgongo, polepole, kama unavyolaza jani la mgomba. Kichwa kikawa cha mwisho kabisa, na mkono wa mama ulibaki chini yake.

Hapo wengi huchomoa mkono na kuondoka, na mtoto anaruka. Mdogo wangu alibaki ameinama. Mkono wake wa pili aliukusanya juu ya kifua cha mtoto: mikono yote miwili ya mtoto ikaletwa katikati, ngumi karibu na kidevu, kiganja cha mama kikakaa juu yake kwa uzito wake tu, bila kukandamiza. Kifua lazima kiendelee kupanda na kushuka chini ya kiganja. Akahesabu pumzi za mtoto, kama 30. Ndipo akauchomoa mkono wa chini ya kichwa, akiubonyeza kwenye godoro huku akiuvuta, ili godoro ndilo lishuke na kichwa kibaki palepale. Kiganja cha juu kikatoka mwisho, kidole kimoja baada ya kingine.

Mara ya kwanza alishtuka. Hilo nalieleza ili msifikiri ni uganga. Mkono wa kichwani ulitoka haraka, kichwa kikadondoka labda sentimita 1, na mikono ikaruka. Mara ya pili alilala, na akaendelea kulala mpaka saa ya kunyonya ilipofika.

Mlaze chali, usiku na mchana. Najua mama wengi wamegundua kwamba mtoto akilazwa kifudifudi hashtuki sana, na ni kweli, kwa sababu godoro linaishikilia mikono. Lakini kulala kifudifudi huongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini, na hatari hiyo haifai kulipwa kwa usiku mmoja wa utulivu.

Akishtuka baada ya hapo

Usimnyanyue mara moja. Ukimnyakua, unampa mwendo mwingine wa ghafla na unamwamsha kabisa mtoto ambaye pengine angerudi usingizini mwenyewe. Watoto wengi hurusha mikono, hunung'unika, hukunja uso, kisha hunyamaza, na wewe usingejua lolote kama ungekuwa umelala.

Weka kiganja kifuani kama mwanzo, ukikusanya mikono yake. Kwa mkono mwingine sukuma nyayo zake taratibu ili magoti yakunjike kuelekea tumboni. Ndivyo alivyokaa tumboni mwako, amezungukwa pande zote, kila akinyoosha kiungo kinakuta ukuta. Sasa mkono wako ndio ukuta. Mnong'oneze sauti moja isiyobadilika, «shhh» ndefu, kwa kiasi cha sauti ya pumzi yako, na uendelee hata akinyamaza. Mpe dakika 2 au 3 za hivyo kabla hujamnyanyua. Akizidi kulia, mnyanyue bila kusita na umnyonyeshe. Mtoto wa majuma haya halii kwa ukaidi.

Kuhusu kelele, hapa kwetu hatuwezi kuziondoa. Mvua ya usiku juu ya mabati, mapikipiki yanayopanda mlima, jenereta ya jirani, ibada ya kukesha. Kinachomshtua mtoto ni badiliko la ghafla kuliko kelele yenyewe. Mvua iliyoanza taratibu na kuendelea anaweza kulala nayo usiku kucha, lakini mlango wa bati uliopigwa na upepo mara moja unamwinua. Kwa hiyo nyumbani kwa mdogo wangu tulifunga kitambaa kwenye komeo la mlango, tukahamisha simu ya baba mtoto kutoka juu ya meza iliyopakana na kitanda, maana ilikuwa ikitetemeka juu ya ubao usiku kucha. Vitu vidogo. Baba mtoto alikuwa amefikiri mtoto hawezi kusikia mtetemo.

Kama unataka kumfunika, mfunike hivi

Sikumwambia mama mkwe kwamba kumfunga mtoto ni vibaya. Kitambaa kinachozuia mikono isiruke kinasaidia kweli, na mama mkwe huyo amelea watoto saba. Nilimwambia tu kwamba kinachosaidia ni kwenye mikono, na kwamba kuinyoosha na kuibana miguu hakusaidii kitu na kunaumiza.

Nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kwenye kikombe ambacho sehemu yake kubwa bado ni gegedu. Magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yametanuka kama ya chura, kichwa cha mfupa kinakaa katikati ya kikombe na kukichonga vizuri. Ukinyoosha miguu na kuifunga pamoja siku nzima, mfupa unasukumwa ukingoni, na kwa watoto wengine nyonga hutoka mahali pake. Wajapani walijifunza hilo. Kuanzia mwaka 1975 walifundisha wakunga na mama nchini kote waache kunyoosha miguu ya watoto wachanga, na nyonga zilizotoka zikapungua sana. Nilipomweleza mama mkwe, nilimkumbusha desturi yetu wenyewe: mtoto mgongoni, mapaja yamezunguka kiuno cha mama. Ule ndio mkao unaolinda nyonga. Akacheka, akasema, «Kumbe mgongoni tunamfungua, kitandani tunamharibu.»

Tulichukua kikwembe kimoja chepesi, cha pamba, kilichofuliwa mara nyingi. Kipya kina wanga, ni kigumu, na hakipitishi jasho vizuri. Tukakitandaza kama almasi, ncha ya juu ikakunjwa ndani kidogo, mtoto akalazwa chali mabega yakiwa usawa wa mkunjo. Kitambaa hakipandi juu ya mabega, kwa sababu kikilegea kitafika puani. Mikono tuliikunja juu ya kifua, ngumi karibu na mdomo, si ubavuni. Mtoto akiweza kufikia ngumi yake huinyonya na kujituliza, na pia anaweza kukuonyesha kwamba ana njaa kabla hajalia.

Ncha ya kushoto ikavuka kifua na kuingia chini ya mgongo, ya kulia vilevile. Hapo pima: vidole vyako viwili vilivyolala bapa vipite kati ya kitambaa na kifua bila kulazimisha. Visipopita, legeza. Mkono mzima ukipita, kitafunguka usiku na kumfunika uso, basi kaza kidogo. Ncha ya chini tuliiacha ipinde kwa ulegevu mkubwa, kama mfuko. Kisha nikamwambia mdogo wangu angalia miguu: magoti lazima yaweze kupanda mpaka tumboni na kutanuka pembeni. Kama kitambaa kinayazuia, umefunga vibaya hata kama juu ni kuzuri.

Hakuna blanketi juu ya hapo. Kikwembe chenyewe ni nguo moja, kihesabu hivyo unapomvisha. Kama usiku ni wa baridi, mvalishe kanzu ya mikono mirefu ndani na soksi, badala ya kuongeza mzunguko wa nje. Rudi upime kisogo baada ya nusu saa.

Kuna hali mbili ambazo usimfunge kabisa. Ya kwanza ni akiwa analala kitanda kimoja nawe, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu. Mwili wako unampa joto tayari, na akiwa amefungwa hawezi kurusha mkono kukujulisha kwamba shuka limemfika usoni au umemwegemea. Huyo alale bila kufungwa, juu ya godoro gumu, mbali na mito, upande wa mama, si katikati ya mama na baba wala karibu na kaka zake. Kama mmoja wenu amekunywa pombe au ametumia dawa ya kuleta usingizi, mtoto asilale kitanda hicho usiku huo. Hali ya pili ni anapoanza kujaribu kujigeuza. Watoto wengine huanza dalili hizo wakiwa na miezi 2 tu. Akijigeuza kifudifudi huku mikono imefungwa, hawezi kujisukuma apumue. Siku ukimwona anainua bega na kuzungusha kiuno, hiyo ndiyo siku ya kuacha.

Kama bado hajaanza kujigeuza, kumwachisha hakuhitaji mbinu kubwa. Acha mkono mmoja nje kwa siku tatu au nne, kisha yote miwili, kisha ondoa kitambaa.

Mchana, mshike kifuani

Hili mdogo wangu hakulitegemea, na kwangu ndilo lililobadilisha usiku zaidi ya kikwembe. Mtoto akiwa na nepi tu, kifua chake juu ya kifua cha mama kilicho wazi, kichwa kimegeuzwa pembeni ili pua iwe huru, miguu imekunjwa kama chura, mgongo wake umefunikwa kwa kitenge. Muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, au zaidi ukipata. Ni njia ileile tunayoitumia kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambayo ilianzia Bogota, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na mashine chache za joto kuliko watoto. Mtoto aliyeshikwa hivyo hulala usingizi mtulivu zaidi, na hurusha mikono mara chache. Mtoto aliyechoka kupita kiasi kwa kupitishwa mkono hadi mkono na wageni mchana kutwa hushtuka zaidi usiku, na nyumba yenye mtoto mpya Kadutu haikosi wageni. Tulimwomba mama mkwe awe mlinzi wa mlango baada ya saa kumi jioni. Kazi hiyo aliipenda.

Mama akisinzia wakati wa kumshika kifuani, mwingine amchukue mtoto. Kiti au kochi ni mahali pabaya kuliko kitanda kwa mama kulala na mtoto, kwa sababu mtoto huteleza kwenye pembe na kukosa hewa.

Wala msimpe sirupu ya mafua au ya mzio ili alale. Nimeona mama wakishauriwa hivyo kwenye duka la dawa. Nyingine kati ya hizo hupunguza pumzi ya mtoto mchanga, na hakuna dawa ya kuondoa refleksi ambayo ni ya afya.

Mwendo ambao si mshtuko huu

Mshtuko tuliouzungumzia huja mara moja kwa kila sababu, huisha wenyewe, na mtoto hubaki mzima, ananyonya. Kuna mienendo inayofanana nao, na usiku kwa mwanga wa tochi mtu huchanganya.

Kidevu au mguu ukitetemeka mwendo mdogo wa haraka, shika kiungo hicho na ukikunje taratibu. Kikitulia mkononi mwako, ni kutetemeka, na watoto wengi wachanga hufanya hivyo wakilia. Lakini kama kunarudi mara kwa mara, au mtoto ni mdogo sana au hanyonyi vizuri, huenda sukari ya damu imeshuka. Mnyonyeshe hapohapo na umpeleke. Kikiendelea kupiga kwa mpigo uleule ingawa umekishika, na macho yakiganda upande mmoja, au midomo ikiwa ya buluu, hilo ni degedege. Nenda usiku huohuo.

Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kufungua mdomo kunyonya, mwili ukakakamaa na kujipinda kila akiguswa au akisikia sauti, huyo anaweza kuwa na pepopunda. Hushtushwa na kelele kama mtoto mwingine yeyote, na ndiyo sababu nalitaja hapa, lakini mwili wake haulegei baada ya mshtuko. Uliza pia kitovu kilikatwa kwa kitu gani na kilipakwa nini.

Mtoto aliyepita miezi 3 ambaye anainamisha kichwa na kurusha mikono mara nyingi mfululizo, kila baada ya sekunde chache, hasa anapoamka, bila kelele yoyote ya kumshtua, mrekodi kwa simu na umwonyeshe daktari haraka. Hiyo ni aina ya kifafa cha watoto, na kuchelewa kunagharimu akili yake. Vilevile mtoto aliyefika miezi 6 na bado anarusha mikono kama wa siku kumi, na yule asiyeshtuka kabisa na mwili wake umelegea mno. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu miezi kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Na kwa mtoto mchanga yeyote, joto la kwapani likiwa 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, usimhesabie mishtuko. Likiwa juu, mfungue kwanza vitambaa kama amefungwa, pima tena baada ya dakika 15, na kama bado liko juu, au hanyonyi, au anapumua kwa shida, mchukue kituo cha afya. Akiwa na joto la chini, mweke kifuani ngozi kwa ngozi njiani.

Nilirudi Kadutu mtoto akiwa na siku 33. Bado alikuwa anashtuka, labda mara nne kwa usiku, na mara mbili kati ya hizo hakuamka. Blanketi nene lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku. Mama mkwe ndiye aliyemlaza mbele yangu: akapiga goti, miguu ya mtoto kwanza, kichwa mwisho, kiganja kifuani. Akabaki ameinama hivyo muda mrefu, midomo inahesabu, na alipotaka kuinuka mgongo ukamkataa, tukamshika mimi na mdogo wangu huku na huku, kimya kimya.